Kupunguza Video kwa Simu za Zamani: Mfano wa Somo la Kuvundika Kakao Kyela

1. Utangulizi

Mada hii inahusu video moja ya kufikirika: somo la dakika 4 la kuvundika kakao, lililorekodiwa kwa simu janja huko Kyela. Walengwa wetu wametawanyika kuanzia Ipinda hadi Matema, na ng'ambo ya hapo hadi Ikombe, ambako milima ya Livingstone inashuka mpaka majini na kuzuia mawimbi ya simu. Wapo wenye simu janja za miaka mingi, na wapo wenye vitochi vinavyosoma memori kadi. Hoja yangu ni kwamba kazi ianzie kwa mpokeaji: kwanza faili lifunguke, pili lifike, na ubora wa picha utokane na nafasi inayobaki.

2. Faili lifunguke

MP4 na 3GP ni makasha tu. Ndani ya kasha kuna picha na sauti, kila kimoja kikiwa kimebanwa kwa kodeki yake. Simu mpya nyingi zinaweza kubana picha kwa H.265, ambayo simu nyingi za zamani haziwezi kuisoma. Kubadilisha jina la faili kutoka `.mp4` kuwa `.3gp` hakugusi kilichomo ndani. Ukisikia sauti huku kioo kikiwa cheusi, shuku kodeki ya picha. Ukiona picha bila sauti, shuku ya sauti.

Kwa simu janja za zamani, chaguo salama ni MP4 yenye H.264 ya profaili ya `baseline` na sauti ya AAC. Kwa vitochi, tengeneza nakala ya pili: 3GP yenye H.263, picha ya 176 kwa 144, na sauti ya AMR.

3. Faili lifike

Ukubwa wa faili hutokana na kasi ya biti mara muda, na rezolusheni haimo katika hesabu hiyo. Simu ikirekodi kwa megabiti 17 kwa sekunde, sekunde 240 ni megabaiti 510. Tukiipa picha kilobiti 250 na sauti 48, jumla ni 298. Zidisha kwa 240, gawa kwa 8, unapata takriban megabaiti 9.

Mtandao ukitoa kilobiti 100 kwa sekunde, megabaiti hizo huchukua dakika 12 kushuka. Kwa kuwa 298 ni zaidi ya 100, anayetazama moja kwa moja ataona video ikikwama kila mara. Mwambieni apakue kwanza, atazame baadaye.

4. Picha itoshee kasi

Kosa la kawaida ni kupunguza kasi ya biti na kuacha picha kubwa. Picha ya 1280 kwa 720 ina nukta mara 4 ya ile ya 640 kwa 360. Kilobiti 250 zikigawanywa kwa nukta zote hizo, picha huvunjika vipande vya mraba, hasa mkono unaposogea. Picha ndogo iliyo safi husomeka vizuri zaidi.

```
ffmpeg -i kakao.mp4 -vf scale=640:360,fps=20 \
 -c:v libx264 -profile:v baseline -pix_fmt yuv420p \
 -b:v 250k -maxrate 300k -bufsize 600k \
 -c:a aac -b:a 48k -ac 1 \
 -movflags +faststart kakao360.mp4
```

Neno `faststart` huhamishia fahirisi ya faili mwanzoni. Fahirisi ikibaki mwishoni, vicheza video vingi husubiri faili lote lishuke kabla ya kuonyesha chochote.

Upigaji picha nao una sehemu yake. Mawimbi ya ziwa hubadilika kila fremu, hivyo ukirekodi ufukweni Matema ziwa likiwa nyuma ya mkulima, biti nyingi zitaishia kwenye maji. Mpige akiwa mbele ya ukuta, simu ikiwa imeegeshwa mahali imara. Punje iliyopasuliwa kuonyesha kama rangi ni ya zambarau au ya kahawia ijaze kioo kizima. Kwenye 176 kwa 144, rangi hiyo haitaonekana kwa mbali.

5. Mapendekezo

Tunzeni faili la asili, na kila nakala itoke kwake. WhatsApp hubana upya video inayotumwa kama video. Tumeni kama hati ili hesabu yenu isivurugwe. Kwa wasio na bando, gawieni kwa memori kadi, ambako kinachobaki kuangaliwa ni kodeki na nafasi. Kabla ya kusambaza, chezeni nakala mwanzo hadi mwisho kwenye simu kongwe kuliko zote mtakazopata: sauti ikiachana na mdomo au picha ikirukaruka, simu imelemewa. Hapo punguzeni fremu hadi 15, na ikibidi mshuke hadi 426 kwa 240.