Anayepumua Mwenyewe Hajafa Ubongo



Huku Masasi na Newala, ndugu wa mgonjwa wa malaria kali asiyeamka hutaka kumrudisha nyumbani wakidhani amekwisha. Tunawaambia: akipumua mwenyewe, yu hai. Hiyo ni koma, na wengi wakitibiwa huamka. Hata anayefumbua macho bila kujitambua, ubongo wake haujafa wote.

Kifo cha ubongo hupimwa kwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Kwanza chanzo kijulikane, isiwe baridi wala dawa za usingizi. Mboni zikimulikwa hazisinyai. Koo likiguswa hakohoi. Mwisho mashine huondolewa kama dakika 8 hadi 10, oksijeni ikiendelea. Hewa chafu ikijaa damuni na kifua kisiinuke, amefariki.

Bila kipimo hicho, tusimwondoe wodini.