Barua ya Muuguzi Anayekwenda Masomoni: Kusahihisha Lugha bila Kupoteza Notisi

Ndugu Mwenyekiti, wauguzi wakuu wa Kericho na Bomet, na maofisa wa utumishi,

Waandalizi wameniomba nifafanue barua rasmi ni nini. Sote tunajua: ina anwani, tarehe, kichwa, kiini na sahihi. Naomba tuvuke hapo, kwa sababu kasoro ninayopigana nayo miaka mingi iko ndani ya kiini. Wauguzi wetu wanaomba kuacha kazi, ilhali wanapaswa kuarifu.

Hii hapa rasimu niliyoitunga kutokana na makosa ninayoyakuta mara kwa mara, kana kwamba imetoka katika zahanati ya shamba la chai:

"Mimi kama muuguzi wa zahanati yako naomba kuacha kazi juu nimepata nafasi ya masomo. Kazi ni mingi, mshahara ni kidogo na mmenitesa sana. Kama nilikukosea unisamehe. Nitatoka mwisho wa mwezi. Tafadhali msikatae ombi yangu."

Sarufi inarekebishika haraka. Kazi ni nyingi, mshahara ni mdogo, ombi ni langu. "Juu" ya mazungumzo inageuka "kwa sababu". Mwandishi pia anaanza na msimamizi mmoja, "yako", kisha anawarukia wengi, "mmenitesa", na msomaji hajui nani anashtakiwa.

Lakini ukisahihisha hayo tu, barua bado ni mbovu. Neno "naomba" linampa mwajiri nafasi ya kujibu kwamba ombi limekataliwa, na muuguzi anabaki akisubiri huku muhula wa chuo unaanza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 35, inasema mkataba unaolipwa kila mwezi unaweza kusitishwa na upande wowote kwa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wenyewe umeweka muda mrefu zaidi. Notisi haihitaji ruhusa. Inachohitaji ni tarehe, na "mwisho wa mwezi" si tarehe. Barua ikifika tarehe 3 Agosti, siku 28 zinazofuata zinaishia tarehe 31 Agosti. Ikifika tarehe 10, muuguzi aliyeandika "mwisho wa mwezi" ana upungufu wa siku 7, na mwajiri anaweza kudai malipo ya siku hizo.

Nasema haya kwa tahadhari, bila kusemea idara yoyote. Walioajiriwa na kaunti wana taratibu zao, na aliyesomeshwa kwa dhamana ya utumishi asome kwanza masharti aliyotia sahihi. Anayetaka kurudi kituoni baada ya masomo aulizie likizo ya masomo kabla ya kujiuzulu.

Barua iliyosahihishwa ni hii:

"KUH: NOTISI YA KUACHA KAZI

Ninakuarifu kwa heshima kwamba ninaacha kazi ya uuguzi katika zahanati hii ili kujiunga na masomo ya shahada. Ninatoa notisi ya siku 28 kwa mujibu wa mkataba wangu. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 31 Agosti. Kabla ya hapo nitakabidhi daftari la chanjo, funguo za kabati la dawa na orodha ya wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu ninaowafuatilia. Ninaomba cheti cha utumishi na malipo ya siku za likizo ambazo sijazichukua. Ninashukuru kwa nafasi ya kuwahudumia wachuma chai na familia zao."

Neno "ninaomba" limebaki mahali pamoja, penye kitu cha kupewa. Heshima imehamia kwenye makabidhiano, kwa kuwa mgonjwa wa kisukari atakayekuja Septemba ndiye anayeumizwa na muuguzi anayeondoka kimya.

Malalamiko nimeyaondoa katika barua, na wengi hunipinga hapo. Mateso yapo, na yapelekwe kwa maandishi kwa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi. Katika notisi yanamgharimu mwandishi. Kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo kinamlazimu mwajiri kutoa cheti cha utumishi, ambacho hutaja aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza. Hakimlazimu kumsifu mtu. Ile barua ya kumpendekeza ambayo chuo huweza kuitaka hutoka kwa hiari ya msimamizi yule yule aliyesoma "mmenitesa".

Mapendekezo

Wauguzi wakuu wasome rasimu kabla haijapelekwa, na watazame tarehe kwanza, sarufi baadaye.

Kila notisi iwe na siku ya mwisho kazini, iliyohesabiwa tangu barua kupokelewa.

Mwandishi abaki na nakala yenye mhuri wa "Imepokelewa" na tarehe. Bila nakala hiyo, kuondoka kwake kunaweza kuitwa utoro.

Maofisa wa utumishi wasijibu notisi kwa maneno ya kukataa. Wajibu kwa kutaja nani atapokea makabidhiano.

Makabidhiano ya dawa yafanywe kwa kuhesabu, watu wawili wakitia sahihi.

Malalamiko yawe na barua yake.

Na tena, kwa kuwa nimelisema katika vikao vingine na bado naletewa barua zile zile: muuguzi asiombe kuacha kazi. Aarifu.