Kuuliza Njia Kituoni Ugenini: Kutoka Mwanza hadi Kampala
(Matini ya mazungumzo na abiria wa mabasi, Mwanza)



Abiria anayetoka Mwanza kwenda Kampala hupita Bukoba, huvuka mpaka Mutukula, kisha hushika njia ya Masaka. Katika njia hiyo Kiswahili hupungua kidogo kidogo na Kiganda huchukua nafasi. Wapo watumishi wengi wa vituo wanaojua Kiswahili au Kiingereza, ila si wote. Anayeelekezwa vibaya hupanda gari lisilo lake, nauli yake hupotea, na pengine mzigo wake hutangulia kwenda asikokwenda yeye. Kwa hiyo leo tutazungumzia mambo mawili: alama za picha na maneno machache ya Kiganda.

Tuanze na alama, kwa kuwa ndizo mtakazokutana nazo mpakani. Mutukula ni kituo cha pamoja: anayeingia Uganda hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande wa Uganda. Katika vituo vya namna hii, picha ya ofisa mwenye kofia akitazama hati humaanisha uhamiaji. Picha ya ofisa na sanduku lililofunguliwa ni forodha. Uhamiaji hutangulia, forodha hufuata. Sanduku likiwa na ufunguo, hapo ni mahali pa kuhifadhi mizigo. Herufi «i» peke yake huonyesha dawati la maelezo, na hapo ndipo pa kuuliza.

Mshale ndio huwapotosha wengi. Mshale unaoelekea juu haumtumi mtu ghorofani. Humwambia aendelee mbele. Ghorofani huonyeshwa kwa picha ya ngazi. Rangi nazo zina maana: duara jekundu lenye mstari uliokatiza ni katazo, na kijani chenye mtu anayekimbilia mlangoni ni njia ya kutokea wakati wa dharura, wala si lango la kwenda kupanda basi.

Sasa tuje kwenye lugha. Kiganda ni jirani wa Kiswahili, na ujirani huo husaidia na kudanganya. «Genda» ni nenda, na «kkumi» ni kumi. Lakini «wali» si chakula. Maana yake ni pale. «Mwenda» si msafiri, ni tisa. «Mu maaso» si machoni, ni mbele. «Kkono» ni kushoto, na «ddyo» ni kulia. Neno «takisi» nalo huko ni basi dogo la abiria, yaani daladala yetu. Anayetaka gari dogo la kukodi akauliza takisi, atapelekwa kwenye daladala.

Tuchukue mfano wa abiria aliyeshuka Kampala akitaka kuunganisha safari ya Jinja. Kwanza amtafute mtumishi aliye dirishani au ofisini, si mpigadebe aliyekwishashika begi lake. Pili, asalimie, kwa maana huko kama kwetu swali bila salamu ni utovu wa adabu: «Oli otya, ssebo?» kwa mwanamume, «nnyabo» kwa mwanamke. Kisha aulize: «Takisi z'e Jinja ziri ludda wa?» yaani, magari ya Jinja yako upande gani?

Angalieni namna swali lilivyojengwa. Ukinyosha kidole na kuuliza, «Hili ni la Jinja?», ni rahisi kujibiwa ndiyo na mtu ambaye hakukusikia vizuri. Swali la «upande gani» humlazimu mjibu kutaja mahali au kuonyesha kwa mkono.

Tuseme amejibiwa: «Genda mu maaso, okyuke ku kkono.» Ameambiwa aende mbele, kisha ageuke kushoto. Asiondoke bado. Arudie, «Mu maaso, kkono?», huku akionyesha kwa mkono wake. Mkono ukienda kulia ilhali neno ni kushoto, mtumishi atamsahihisha hapo hapo. Asipoelewa, aseme «Sitegeera», yaani sielewi, au «Yogera mpola», sema polepole. Mwisho ashukuru: «Weebale.»

Afikapo kwenye magari, kabla ya kukabidhi mzigo, amuulize kondakta: «Ogenda wa?» yaani, unakwenda wapi? Jina la Jinja litoke kinywani mwa kondakta mwenyewe. Nauli ni «Ssente mmeka?», na akiona tarakimu zinamchanganya, atoe kalamu na karatasi ziandikwe.

Maneno haya yana mipaka. Yatawafaa Masaka, Kampala na viunga vyake; kwingineko Uganda zipo lugha nyingine. Lakini utaratibu haubadiliki: salimu, uliza upande, rudia kwa mkono, hakikisha mwendako kabla mzigo haujapakiwa. Na tiketi ibaki mfukoni hadi mwisho wa safari, kwani jina la mji lililoandikwa humo husomeka hata pale ulimi unapokwama.