Arbuni ya Mgeni

Sifa ambazo ndugu humwagia picha za mpenda kamera si ushahidi wa soko. Ushahidi ni arbuni, yaani malipo ya awali, kutoka kwa mteja asiyemfahamu. Hata hapo hesabu haijaisha. Ikichukuliwa kwamba harusi moja hulipwa shilingi 300,000 za Tanzania, na nauli, msaidizi na albamu vikala 170,000, hubaki 130,000, ambazo bado hazijatolewa uchakavu, yaani thamani ambayo kifaa hupoteza kwa kutumika: kamera ya shilingi 2,400,000 itakayohudumia harusi 60 hudai 40,000 kila harusi. Zinazosalia 90,000 hulipia siku moja ya kupiga picha na tatu za kuzihariri, kazi ambayo wengi huisahau, hivyo ujira halisi ni shilingi 22,500 kwa siku.