Tazama Neno Linalotangulia Nafasi

Kaeni vizuri, na walio nyuma wasogee karibu na ubao, maana taa yetu haina nguvu.

Juma lililopita nilisahihisha madaftari yenu ya Kiingereza. Lilikuwa zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Sentensi moja ilisema hivi: "She is afraid of ____ her money." Neno la kutumia lilikuwa "lose", yaani poteza. Wengi wenu mmeandika "to lose". Jibu ni "losing".

Nilimwuliza mama mmoja wa darasa hili, ambaye anajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa ili baadaye aweze kufanya mtihani wa kidato cha nne, kwa nini ameandika hivyo. Akanijibu, "Mwalimu, sisi tunasema anaogopa kupoteza. Na ulitufundisha mwenyewe kwamba kwenda ni to go, kula ni to eat. Sasa ku imekuwa si to tena?"

Swali lake ni zuri, na kosa ni langu kidogo. Niliwapa nusu ya habari. Leo nawapa nusu iliyobaki.

Ile "ku" yetu inafanya kazi mbili. Tunasema, "Nataka kulima." Tena tunasema, "Nimechoka kwa kulima." Kwetu ni neno lile lile, kulima. Mwingereza amezigawa kazi hizo. Ya kwanza anaitumia "to" mbele ya kitenzi. Ya pili anabandika herufi "ing" mwishoni mwa kitenzi. Kwa hiyo ukitafsiri kila "ku" kuwa "to", utapata mara nyingine na utakosa mara nyingine, kama mtu anayerusha jiwe gizani.

Sasa utajuaje ni kazi ipi? Angalia Kiswahili chako mwenyewe. Sema "baada ya kula". Sema "bila kuuliza". Je, kuna mtu hapa anayesema "baada ya anakula"? Hakuna. Kikitangulia kijineno kama ya, kwa, katika au bila, kitenzi kinachofuata huvaa "ku" na kuwa kama jina la kitu. Vijineno hivyo vinaitwa vihusishi. Kiingereza nacho kina sheria hiyo hiyo, ila nguo wanayovaa wenzetu ni "ing". Baada ya kula ni "after eating". Bila kuuliza ni "without asking".

Basi kwenye zoezi usianze kwa kutafuta maana ya sentensi nzima. Weka kidole kwenye nafasi, kisha kirudishe nyuma neno moja. Ukikuta "in", "of", "at", "for", "about", "without", "after" au "before", na nafasi inataka kitenzi peke yake bila mtendaji, andika kitenzi chenye "ing". Ukikuta sifa tupu, kama "happy", "ready" au "easy", bila kihusishi katikati, kwa kawaida andika "to" na kitenzi.

Tujaribu ubaoni. "Juma is interested in ____ to the meeting." Neno la kutumia ni "go". Juma ana hamu ya kwenda mkutanoni. Rudisha kidole: kuna "in". Jibu ni "going". Hiyo "to" iliyo baada ya nafasi isiwababaishe, ni ya mkutano.

Ya pili: "We are ready ____ the maize." Neno ni "plant". Tuko tayari kupanda mahindi. Nyuma ya nafasi kuna "ready", sifa tupu. Jibu ni "to plant".

Turudi kwa "afraid", maana hapo ndipo wengi mmeangukia. Tukisema "anaogopa kuvuka mto", tuna maana kwamba mtu anasitasita, pengine hatavuka. Tukisema "anaogopa kuanguka mtoni", hakuna aliyepanga kuanguka. Anahofia jambo lisimpate. Kiswahili kinatumia "ku" pote pawili. Kwa Kiingereza la kwanza ni "afraid to cross", na la pili ni "afraid of falling". Mama wa sentensi yetu hakupanga kupoteza fedha zake. Ndiyo maana kuna "of", na "of" inadai "losing". Na mwiandike kwa o moja. Ile "e" ya mwisho inadondoka kabla ya "ing". Ukiandika o mbili umeandika neno jingine, lenye maana ya kulegeza au kuachilia.

Sasa nifike kwenye mtego wenyewe. Mimi nao ulinikamata nikiwa chuo cha ualimu, ndani ya barua ya kuomba kazi. Nilimaliza barua kwa kuandika, "I look forward to hear from you." Mkufunzi akapiga mstari mwekundu, akanirudishia bila maelezo. Nilikaa siku mbili nikijiuliza kosa liko wapi. Niliona "to", nikaweka kitenzi kitupu, kama tulivyofundishwa!

Kumbe kuna "to" mbili. Moja ni mali ya kitenzi, kama katika "I want to eat". Nyingine ni kihusishi, ndugu yake "in" na "of". Zinafanana kama mapacha, lakini kuna njia ya kuzipima. Ondoa kitenzi, weka jina la kitu, tuseme karamu, yaani "the feast". "I look forward to the feast": naisubiri karamu kwa hamu. Sentensi inasimama. Basi "to" hiyo ni kihusishi, na kitenzi kikija pale lazima kivae "ing": "I look forward to hearing from you." Jaribu na nyingine: "I want to the feast." Haisimami. Hiyo ni "to" ya kitenzi.

Kipimo hicho kinatenganisha pia sentensi hizi. "I used to carry water" maana yake zamani nilikuwa nikibeba maji, na sasa sibebi. "I am used to carrying water" maana yake nimezoea kubeba maji. Katika ya pili unaweza kusema "I am used to the cold", nimezoea baridi. Katika ya kwanza huwezi. Tazameni ile "am". Ndogo, lakini imegeuza habari yote.

Ziko sifa chache zisizofuata njia hii. "Busy" ni mojawapo: "She is busy cooking", ana shughuli ya kupika, hakuna kihusishi na bado kuna "ing". Hizo mtazikariri tu, sina dawa nyingine.

Mama yule alirudia zoezi jana, akalipata lote isipokuwa pale alipoandika "planing" badala ya "planning". Neno fupi kama "plan" au "run" huongeza herufi yake ya mwisho kabla ya "ing".

Haya, fanyeni hizi nyumbani, mfunike majibu kwa karatasi. "He is good at ____ bicycles", tumia "repair". "It is easy ____ this letter", tumia "read". "They are used to ____ early", tumia "rise", yaani amka.

Majibu: "repairing", kwa sababu ya "at", "to read", kwa sababu "easy" ni sifa tupu, "rising", kwa sababu kuna "are" mbele ya "used", na ile "e" imedondoka.