Kusoma Mizani ya Umeme: Sifuri, Kigawanyo na Namba Zisizotulia

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Mkulima aletapo gunia lake ghalani, na karani akalipandisha juu ya mizani ya umeme, macho ya wote wawili huelekea kwenye kioo kidogo chenye namba. Katika mizani ya zamani mkulima aliweza kuliona jiwe likisogezwa juu ya mkono wa chuma mpaka ukasawazika. Katika mizani ya umeme haonyeshwi kitu ila namba. Kwa hiyo yafaa ijulikane namba hiyo hutoka wapi, maana mizani ya namna hii haipimi kilo. Hupima badiliko dogo sana la umeme, kisha namba mbili huligeuza badiliko hilo kuwa kilo: sifuri na kigawanyo. Moja kati ya hizo ikikosewa, ama mkulima hupunjwa ama chama hupata hasara, na kioo huendelea kung'aa kana kwamba hapana lililoharibika.

Mfano utakaotumika hapa ni mizani ya jukwaa yenye uwezo wa kilo 200, ambayo fundi ameiunda kwa ajili ya kukagua magunia ya korosho ndani ya ghala.

Namba hutoka wapi

Chini ya jukwaa pana kipande kinene cha alumini au chuma kiitwacho seli ya mzigo. Juu yake vimebandikwa vipande vinne vyembamba mno vya madini, ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika vinapovutwa au kubanwa. Mzigo ukikaa juu ya jukwaa, seli hupindika kiasi kisichoonekana kwa macho; vipande viwili huvutwa, viwili hubanwa, na umeme kidogo hutokea katika jozi ya waya za kupokelea. Seli ya kawaida ikipewa volti 5 na kubebeshwa mzigo wake kamili hutoa milivolti 10 tu. Basi katika mizani ya kilo 200, kilo moja ni sehemu moja ya ishirini ya milivolti.

Umeme mdogo hivyo hauwezi kusomwa moja kwa moja. Ndipo huhitajika kigeuzi. Kinachotumika sana na mafundi ni HX711, ambacho huukuza umeme huo mara 128, kisha huugeuza kuwa namba kamili iliyo kati ya −8,388,608 na 8,388,607, na hutoa namba hizo mara 10 au mara 80 kwa sekunde kwa kadiri kilivyofungwa. Namba hii ni namba ghafi. Si kilo wala gramu. Katika mizani ya mfano huu, kila kilo inapoongezeka, namba ghafi hupanda kwa kiasi cha 21,000 na ushei. Hesabu ya kuigeuza ni hii:

```
kilo = (namba_ghafi - sifuri) / kigawanyo
```

Kuipata sifuri na kigawanyo

Sifuri ni namba ghafi inayosomwa jukwaa likiwa tupu. Haiwi 0 hata mara moja, kwa kuwa uzito wa jukwaa lenyewe umo ndani yake, na seli nayo haitoki kiwandani ikiwa imesawazika kabisa. Mizani huwashwa, huachwa dakika kumi na tano ipate joto, kisha husomwa. Tuseme jukwaa tupu limetoa 84,300.

Baada ya hapo hupandishwa mawe ya mizani yaliyothibitishwa, matano ya kilo 20, jumla kilo 100. Tuseme namba ghafi sasa ni 2,223,500. Tofauti ni 2,139,200; ikigawanywa kwa 100 hupatikana 21,392. Hicho ndicho kigawanyo. Kwa kufuata karatasi ya kiwanda hesabu ingeleta 21,475 hivi, lakini seli mbili za aina moja hazifanani kabisa, na tofauti hiyo ndogo ingelipunguza gunia la kilo 80 kwa gramu 300. Kwa hiyo kigawanyo hupatikana kwa mawe, wala hakinakiliwi kutoka mizani nyingine.

Kisha kazi hukaguliwa kwa jiwe ambalo halikutumika kukipata kigawanyo. Jiwe jingine la kilo 20 likitoa 512,200, basi 512,200 kutoa 84,300 ni 427,900, na kugawanya kwa 21,392 ni kilo 20.003. Mizani iko sawa. Gunia likipandishwa na kutoa 1,820,000, uzito wake ni kilo 81.1, gunia tupu lenye kilo 1 likitolewa, korosho ni kilo 80.1.

Wako mafundi wanaotafuta kigawanyo kwa jiwe la kilo 2 kwa kuwa ndilo lililo karibu. Kosa la gramu 20 katika kilo 2 ni asilimia moja, na asilimia hiyo hubebwa mpaka kwenye gunia la kilo 80 na kuwa gramu 800. Jiwe la kupatia kigawanyo na liwe zito, walau nusu ya uwezo wa mizani.

Kosa la sifuri na kosa la kigawanyo

Makosa haya mawili hufanana machoni, lakini humdhuru mkulima kwa njia mbalimbali. Kosa la sifuri huchukua uzito uleule katika kila mzigo. Kosa la kilo 1 katika gunia la kilo 80 halizidi sana asilimia moja. Lakini kwa mama aliyeleta kilo 10 ndani ya kiroba, ni sehemu moja ya kumi ya jasho lake. Kosa la kigawanyo huchukua kwa fungu: asilimia 2 ni gramu 200 katika kilo 10, na kilo 1.6 katika gunia la kilo 80. Kwa magunia 300 ni kilo 480.

Kuyatenganisha hutosha mawe ya mizani ya uzito wa namna mbili. Kilo 20 zikisomeka 19.0 na kilo 100 zikisomeka 99.0, upungufu ni uleule, na kosa liko katika sifuri. Zikisomeka 19.6 na 98.0, upungufu umekua pamoja na mzigo, na kosa liko katika kigawanyo. Kuna na sura ya tatu: kilo 20 husomeka sawasawa, lakini kilo 100 husomeka 97. Hapo namba zote mbili hazina hatia. Jukwaa linaposhuka hugusa ukuta, au jiwe limenasa chini yake, na sehemu ya mzigo hubebwa na kisichopimwa. Dawa yake ni ufagio, wala si kubadili kigawanyo. Akibadili kigawanyo, fundi atakuwa ameiharibu mizani kwa mizigo midogo iliyokuwa ikipimwa vyema.

Kosa la sifuri huingia kwa milango miwili zaidi ya mingine. Mlango wa kwanza ni umeme kukatika. Mizani nyingi za mafundi hujiwekea sifuri kila ziwashwapo. Umeme ukirudi gunia likiwa juu ya jukwaa, gunia zima huhesabiwa kuwa si kitu, na likishushwa kioo huonyesha uzito wake kwa alama ya kutoa. Hilo huonekana upesi. Lisiloonekana upesi ni turubai lililosahauliwa juu ya jukwaa asubuhi na kuondolewa baadaye.

Mlango wa pili ni kutoa uzito wa gunia mara mbili. Karani mmoja huweka gunia tupu juu ya jukwaa na kubonyeza kitufe cha sifuri, ili kioo kionyeshe korosho peke yake. Karani wa zamu ya pili, asiyejua, huandika kilichosomwa na kutoa tena kilo 1 ya gunia katika daftari. Hapana aliyekusudia kuiba, lakini kila gunia limepungukiwa kilo moja. Kulitambua ni rahisi: jukwaa likiwa tupu kabisa, kioo husoma −1.0. Afadhali sifuri iwe ya jukwaa tupu siku zote, na uzito wa gunia uandikwe katika safu yake, mkulima auone.

Namba zisizotulia

Hata pasipo mtu kuigusa mizani, namba ghafi hazitulii. Kigeuzi chenyewe kina mtetemeko wake, ambao katika mizani hii ni sawa na gramu chache. Tena seli ya kawaida, hata ikiwa nzima, yaweza kukosea kwa gramu 40 mpaka 100 katika uwezo wa kilo 200. Kwa hiyo ni kujidanganya kuonyesha gramu moja moja kwa sababu tu kigeuzi kina namba nyingi. Kioo na kipande kwa hatua ya gramu 100.

Mtetemeko hupunguzwa kwa kusoma mara nyingi. Njia nyepesi ni kuchukua namba 11 zinazofuatana, kuacha tatu kubwa kuliko zote na tatu ndogo kuliko zote, kisha kutafuta wastani wa tano zilizobaki. Kuziacha za pembeni kuna maana: cheche ya mashine iliyo jirani yaweza kuleta namba moja ya ajabu, na wastani wa kawaida ungeimeza pamoja na nyingine. Kigeuzi kikisoma mara 10 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua sekunde moja na kidogo, na mwendo huo una faida nyingine: huchuja mvumo wa umeme wa gridi, ambao Afrika Mashariki ni wa mara 50 kwa sekunde. Waya za seli nazo ziwe fupi, zenye kinga ya nje, na zisipite pamoja na waya za umeme mkubwa.

Lakini wastani hauponyi kila kitu. Gunia linaloning'inia mkononi mwa mpagazi hutoa namba zinazopanda na kushuka. Hapo mizani ingoje mpaka namba kubwa na ndogo zisiachane zaidi ya gramu 50, ndipo ionyeshe uzito. Na jua likiipiga seli, sifuri husogea polepole upande mmoja. Wastani wa namba mia hautalionyesha jambo hilo, ila jukwaa tupu litalionyesha. Baadhi ya mafundi huifanya mizani ijirekebishe yenyewe kila sifuri isogeapo. Mwendo huo ukiachiwa bila mpaka, mtu akimimina korosho taratibu, mizani hudhani ni sifuri inayosogea, na korosho hupotea ndani ya hesabu. Tena kioo kikiganda mahali pamoja, na namba ghafi ikawa 8,388,607, si uzito huo: aghalabu waya umekatika.

Daftari la asubuhi

Kila asubuhi kabla ya gunia la kwanza, mistari mitatu iandikwe mbele ya wakulima wawili: jukwaa tupu, kilo 20, kilo 100. Kisha jiwe moja lipitishwe kwenye pembe nne za jukwaa, nalo lisomeke sawa. Mistari ya siku thelathini ikipangwa pamoja huonyesha kama sifuri inasogea au kigawanyo kinaharibika, kabla malalamiko hayajafika mkutanoni.

Mizani iliyoundwa na fundi ni ya kukagulia tu. Kununua na kuuza hufanywa kwa mizani iliyohakikiwa, ambayo kwa Tanzania huhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Na lakiri yake ikishawekwa, kigawanyo kilicho ndani si cha karani kugusa. Mistari mitatu ya asubuhi ikionyesha tofauti katika mizani hiyo, karani asimamishe upimaji, amwite mhakiki, na gunia lililo juu ya jukwaa lingoje.