Neno "Maji" Limejificha Ndani ya "Majibu"



Malalamishi huja kwa maneno ya mtu mwenyewe, yawe kwenye sanduku la maoni au kwa ujumbe wa simu. Meneja hawezi kuyasoma yote. Karani huyaingiza kwenye jedwali la kompyuta, huhesabu maneno yanayojirudia, kisha mwisho wa wiki humpa meneja ukurasa mmoja: maji mara ngapi, taka mara ngapi. Hesabu ikipotoka, gari la maji huenda kusikohitajika.

Tazameni jumbe tano, za kubuni lakini za kawaida:

"Mfereji umekauka tangu Jumatatu, tunachota Mto Isiukhu."
"Niliomba basari, sijapata majibu."
"Majirani wanachoma taka usiku."
"Nataka kujua bili ya maji inalipiwa wapi."
"Maji yalirudi jana, asanteni."

Karani anaandika hivi:

```
=COUNTIF(B2:B6,"*maji*")
```

Kompyuta inajibu 4. Zile nyota zinaruhusu herufi zozote kabla na baada, kwa hivyo "maji" imepatikana ndani ya "majibu" na "majirani". Ujumbe wa nne ni swali, na wa tano ni shukrani. Yule aliyekaukiwa kwelikweli hakuhesabiwa, maana hakuandika "maji", aliandika "mfereji". Taka nayo imejificha ndani ya "nataka", na "bili" hujificha vivyo hivyo ndani ya "mbili". Kwa Kiswahili mtego huu uko kila mahali.

Kuna njia ya kuupunguza. Karani abadilishe vituo na mikato kuwa nafasi tupu, aongeze nafasi mwanzoni na mwishoni mwa kila ujumbe, kisha atafute neno zima:

```
=COUNTIF(C2:C6,"* maji *")
```

Sasa "majibu" na "majirani" zinatoka. Kisha aweke pamoja maneno ya jambo moja: maji, mfereji, bomba, hata "amatsi", kwa kuwa wapo wanaoandika Kiluhya. Ujumbe wenye maneno mawili kati ya hayo uhesabiwe mara moja tu. Shukrani na swali bado zitabaki ndani. Hizo fomula haizijui. Ndiyo sababu karani hana budi kusoma kwa macho yake sehemu ya jumbe zilizohesabiwa, na pia zile ambazo hazikuangukia kundi lolote. Humo ndimo "mfereji" iligunduliwa.

Mkaazi naye husaidia akitaja kitu na mahali. "Hali ni mbaya huku" haihesabiki popote. "Mfereji wa soko umekauka" huhesabika.

Tena kuna ujumbe usiofaa kungoja hesabu. Mtu mmoja akiandika kwamba kivuko cha watoto wa shule kimeanza kubomoka, jedwali litaonyesha 1, chini kabisa ya orodha. Huo karani aupeleke kwa simu siku hiyohiyo.